Kurasa Kumi na Moja za Jelagat

Jelagat alipopata kazi mji wa Sterling alitoa notisi ya wiki tatu, na karibu wiki zote tatu alizitumia kuandika. Mtu mwingine angeaga, akala keki, akaenda zake. Yeye alisema hawezi kumwachia mwenzake faili ambalo halijaelezwa, ni kama kumwachia mtu mtoto bila kumwambia analala saa ngapi.

Ofisi yetu iko mji wa Gaithersburg, Marekani, ghorofa ya pili, juu ya duka la mazulia. Ni kampuni ndogo ya kupeleka wahudumu kwa wazee majumbani mwao, kuwaogesha, kuwapikia, kuwakumbusha dawa. Jelagat ndiye aliyekuwa mchambuzi wa takwimu. Kwao ni Kapsabet, kwa wale wakimbiaji mashuhuri. Alikuja Marekani kusoma, akaogesha wazee miaka minne huku anasoma hesabu jioni, mpaka siku moja Wayne, meneja wetu, akamwondoa kwa wazee akamketisha mbele ya kompyuta. Alikuwa mwembamba, mrefu, na chupa yake ya chai ya maziwa haikuondoka mezani. Wazungu wakisikia jina lake walimuuliza kama anakimbia.

"Mimi?" alikuwa anawajibu. "Hata basi likiniacha naliacha liende."

Mimi nilikuwa naingia saa saba mchana na kutoka saa kumi na moja. Kazi yangu ilikuwa kuingiza karatasi za ziara. Kila mhudumu akimaliza kwa mzee anajaza karatasi ndogo: namba yake, namba ya mzee, tarehe, saa ya kufika, saa ya kuondoka, na mzee anatia sahihi. Zikija ofisini nazichapa kwenye faili la Jelagat, mstari mmoja kwa kila karatasi, kisha zinafungwa kwenye maboksi na kupelekwa stoo. Nimeishia darasa la saba, Musoma. Jelagat ndiye aliyenifundisha kompyuta, na hakuwahi hata siku moja kunifanya nijisikie mtu wa darasa la saba.

Mwanangu Ethan ana miaka miwili. Mchana nilimwacha kwa Bimkubwa, jirani yetu wa mlango wa tatu, mama wa Kiunguja wa miaka hamsini na kitu. Yeye naye alikuwa mhudumu wa kampuni yetu. Alianza mwezi wa tatu mwaka huu wa tisini na nane, asubuhi kwa bibi mmoja tu, Bi Abigail, mwenye miaka tisini na moja. Saa sita anarudi, anaoga, anaswali, halafu mimi nabisha hodi na mtoto mgongoni.

"Mlete mume wangu," anasema. "Leo nimempikia uji wa mchele, na wewe pitia ule, umekonda kama uzi."

Sasa nieleze jambo lenyewe.

Mwanzoni mwa Aprili Jelagat alitoa ripoti ya Machi. Katika ripoti ile kulikuwa na safu ya ziara zilizokosekana kwa kila mhudumu. Bimkubwa alipangiwa ziara ishirini na mbili. Faili lilimwonyesha kumi na tatu. Tisa hazikuwepo. Lakini karatasi yake ya saa za kazi ya wiki, ile ya malipo, ambayo kila mhudumu anajaza mwenyewe, ilionyesha siku zote ishirini na mbili. Wayne akampigia simu Bi Abigail kumuuliza kama Bimkubwa huwa anakuja. Bibi wa watu, akili inakuja na kwenda, akajibu kuwa siku nyingine anakuja, siku nyingine haji.

Tarehe nane Aprili Bimkubwa akasimamishwa. Aliambiwa anaandika siku ambazo hakwenda. Maana yake ni mwizi, ingawa Wayne hakulitumia neno hilo.

Jioni ile nilipokwenda kumchukua Ethan nilimkuta amekaa kitako kwenye zulia, kanga imemdondoka begani.

"Miye, Mama Ethan," aliniambia. "Miye nimekwenda kila siku. Siku ya theluji ile nilikwenda kwa miguu, viatu vikajaa maji. Wallahi siku moja sijakosa. Hiyo mashine yenu inaniona wapi?"

Nikamwambia pole. Nikamwambia labda wamekosea, watagundua. Nilisema hivyo kama mtu anayesema habari za watu wengine.

Waraka wa Jelagat ulikuwa umefika ukurasa wa saba wiki ile. Aliuandika kwa Kiingereza, na hapa nauweka kwa Kiswahili kama nilivyouelewa. Kila kipimo kilichokuwa kwenye faili alikipa aya yake: kinaitwaje, kinahesabiwaje, kinatoka kwenye ukurasa gani wa faili, kinasema nini na hakisemi nini. Chini yake kulikuwa na sehemu aliyoiita maangalizo. Hapo ndipo Jelagat alipokuwa Jelagat. Kwa mfano aliandika: "Ziara iliyofanyika kwa wakati: mhudumu amefika ndani ya dakika kumi na tano za saa iliyopangwa. Angalizo: saa hii ameiandika mhudumu mwenyewe. Ikiwa mtu amefika saa mbili kamili kila siku mwezi mzima, usimsifu, muulize." Kingine: "Wazee wapya: usiwalinganishe Januari na Desemba, mwezi wa Desemba watoto wao huja likizo na kuwahudumia wenyewe."

Alhamisi tarehe kumi na sita aliniita, akanipa kurasa alizomaliza.

"Soma hii," alisema. "Sitaki usome ukinionea huruma. Kama kuna mahali huelewi, weka alama. Ukielewa wewe, kijana anayekuja ataelewa."

Kijana anayekuja alikuwa Taufiq, amemaliza chuo juzijuzi.

Nilikaa na kalamu ya risasi. Niliweka alama mbili tatu, nikijiona mtu wa maana kweli. Kisha nikafika kwenye ziara iliyokosekana.

"Ziara iliyokosekana: ziara iliyopangwa ambayo faili halikuipatia karatasi yenye namba ya mhudumu yuleyule na tarehe ileile. Si lazima iwe mhudumu hakwenda. Maangalizo. Kwanza, karatasi inaweza kuchelewa. Pili, angalia tarehe. Kompyuta hii inasoma tarehe ya Kimarekani, mwezi kwanza, siku baadaye. Tarehe ya kweli inakaa upande wa kulia wa kisanduku. Ikiwa imeegemea kushoto, kompyuta haikuielewa, imeichukua kama maneno tu, na haitaihesabu. Mwisho wa kila mwezi pitisha macho kwenye safu ya tarehe. Zilizoegemea kushoto zitoe, tafuta karatasi, sahihisha."

Nilisoma mara moja. Nikasoma tena.

Maana mimi nilikuwa naziona zile za kushoto. Mwezi wote wa Machi nilikuwa naziona. Nachapa, nachapa, tarehe zote zinajipanga kulia vizuri, mara moja inakimbilia kushoto. Nikadhani ni mimi nimegusa kitu. Shuleni nilisifiwa kwa daftari, mwalimu alikuwa analiinua darasa zima lione pambizo zangu. Basi na pale nilitaka safu yangu inyooke. Juu ya kioo kuna kitufe chenye mistari iliyosogea kulia. Niliigundua mwenyewe kazi yake, na nilijipongeza. Kila tarehe iliyoegemea kushoto niliibofya, ikasogea kulia na wenzake. Mwisho wa mwezi Jelagat akapitisha macho, akaona safu imenyooka.

"Mama Ethan, kazi yako ni safi," aliniambia siku ile ya ripoti. Nilitembea nayo sifa hiyo mpaka nyumbani.

Na zile tarehe zilikuwa za nani? Nilijua bila kufungua faili. Bimkubwa alikuwa mgeni. Siku alizokumbuka aliandika kama alivyoelekezwa, mwezi mbele. Siku alizosahau aliandika kama sisi wote tulivyofundishwa tangu utotoni, siku kwanza: 17/3/98. Mimi nami nikiiona 17/3/98 naisoma tarehe kumi na saba Machi, kwa nini nishtuke? Nikaichapa vilevile. Hakuna mwezi wa kumi na saba, kompyuta ikaikataa. Na alipoandika 4/3/98, kompyuta haikuikataa, iliipeleka tarehe tatu Aprili. Ziara ya tarehe nne Machi ikawa haipo.

Mzungu angeiona 17/3 na kuuliza. Ilihitaji watu wawili wa kwetu, mmoja wa kuandika na mmoja wa kuchapa, kosa lile lipite bila kelele.

"Umefika wapi?" Jelagat aliniuliza kutoka mezani kwake.

"Nimemaliza," nikasema. "Inaeleweka."

Hivyo ndivyo nilivyojibu. Inaeleweka.

Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake nilijiambia Ijumaa watu wana haraka. Kulikuwa na sababu zangu, na nyingine zilikuwa za kweli. Mume wangu Solomon alikuwa amepunguziwa saa kazini. Mimi nisiye na cheti, nikifukuzwa pale, nani mwingine angeniweka mbele ya kompyuta? Jumamosi, Jumapili, nikawa namtazama Ethan akicheza na vifuniko vya sufuria vya Bimkubwa, maana bado nilimpeleka kwake. Bado alimpokea. Sasa alikuwa na mchana wote, na asubuhi pia.

Jumatatu tarehe ishirini nilimkuta anakunja nguo, anazikunja na kuzikunjua.

"Bi Abigail kahamishwa," alisema.

"Wapi?"

"Mji wa Columbia, kwenye makao ya wazee. Kanipigia jirani yake. Wamempelekea wahudumu watatu kwa siku kumi, wote kawafukuza. Mmoja kamtupia kijiko. Mwanawe kaona hawezi, kampeleka leo asubuhi." Akakunjua kanga aliyoikunja. "Miye alikuwa hanifukuzi. Alikuwa ananiita jina la dadake, lakini hanifukuzi."

Ethan akamletea kifuniko. Akakipokea, akasema ahsante, bwana mkubwa.

Nilihesabu njiani kurudi mlangoni kwangu, hatua ishirini tu. Kama ningesema Alhamisi, Ijumaa wangeangalia maboksi. Jumamosi Bimkubwa angekuwa amerudi kwa Bi Abigail, na Jumatatu hakuna ambaye angehama.

Hata hivyo nilikaa siku mbili zaidi. Sitaki kuonekana mtu aliyeshtuka akakimbilia ukweli. Nilimwambia Jelagat Jumatano, zikiwa zimebaki siku mbili aondoke. Nilimkuta anamimina chai. Nilisimama mbele ya meza yake na mkoba bado begani.

"Dada, zile tarehe za kushoto," nikasema. "Mwezi wa tatu zilikuwepo. Mimi ndiye niliyezisogeza."

"Kuzisogeza vipi?"

Nikamwonyesha kitufe. Alifungua faili la Machi, akachagua safu nzima ya tarehe, akaondoa mpangilio wote. Nikaona kwa macho yangu, moja baada ya nyingine zikarukia kushoto, kama watoto walioambiwa mchezo umekwisha. Akachuja kwa namba ya Bimkubwa. Tano zilikuwa kushoto. Nne zilikuwa zimetawanyika Aprili, Juni, Septemba, Novemba. Tano na nne.

"Tisa," Jelagat alisema kwa sauti ndogo. Akaweka kikombe chini. "Tisa, Mama Ethan. Na huyo mama anakaa nyumbani."

"Najua."

"Umejua tangu lini?"

"Alhamisi. Uliponipa kurasa."

Nilingoja anigombeze. Afadhali angenigombeza.

"Na mimi nimejua tangu mwaka jana kwamba tarehe zinaegemea," alisema mwishowe. "Nilikuwa nayo hapa." Akagonga kichwa chake. "Sikuwahi kumwambia mtu. Niliona ni kitu changu, ujanja wangu wa mwisho wa mwezi. Ningekwambia siku ya kwanza, ungesogeza?"

"Nisingesogeza."

"Basi kaa. Tusaidiane kubeba hii aibu, ni nzito."

Tulikwenda stoo wote wawili. Maboksi ya Machi yalikuwa chini ya mapambo ya Krismasi. Karatasi zote tisa zilikuwepo, kila moja na mwandiko wa Bimkubwa uliolala kidogo kama Kiarabu, na sahihi ya Bi Abigail iliyotetemeka. Hata ile ya siku ya theluji ilikuwepo, imevimba pembeni kwa maji.

Wayne si mtu mbaya. Alizipanga zile tisa mezani kwake, akagusa 17/3 kwa kidole, akawa mwekundu mpaka masikioni. Alimpigia simu Bimkubwa yeye mwenyewe, mlango ukiwa wazi, na kumwomba msamaha. Akaandika barua ya kumsafisha. Lakini aliposoma waraka wa Jelagat, sasa ukiwa na kurasa kumi na moja, alitaka aya moja iondolewe.

"Eleza kanuni," alimwambia. "Hakuna haja ya kueleza kilichotokea."

"Nikieleza kanuni tu, Taufiq atadhani ni urembo," Jelagat alijibu. "Ataona safu imenyooka, atatosheka, kama mimi. Lazima ajue kuna mtu aliyelipia kosa hili."

Walibishana. Nilikuwa nachapa upande wa pili wa ukuta na nilisikia kila kitu. Aya ilibaki. Ilisema hivi: "Machi 1998 angalizo hili halikutosha, na mhudumu asiye na kosa akasimamishwa kazi wiki mbili. Aliyepaswa kuzuia ni mimi, Jelagat, kwa sababu nilitegemea macho. Usitegemee macho. Kila mwisho wa mwezi iambie kompyuta ihesabu tarehe inazozielewa, kisha ihesabu mistari yote iliyojazwa. Zisipolingana, usitoe ripoti. Kisha tafuta kila tarehe iliyo nje ya mwezi husika, kwa maana hizo kompyuta inazielewa, ila inazielewa vibaya. Kwenye karatasi za ziara mwezi uandikwe kwa herufi. Na ziara iliyokosekana kwenye faili hili si ushahidi kwamba mtu hakwenda. Kabla hujamshitaki mtu, itafute karatasi."

Niliisoma mara mbili nikitafuta jina langu. Halikuwepo. Hata neno mchapaji halikuwepo.

"Dada, hujaniweka," nikamwambia.

"Waraka ni wa anayekabidhi," alisema, akiingiza chupa yake ya chai kwenye boksi. "Sehemu yako utaikabidhi wewe mwenyewe. Mlango wa Bimkubwa unaujua."

Ijumaa tulikula keki. Jelagat alimkabidhi Taufiq kurasa zile ndani ya jalada la bluu, akamwambia asizisome siku hiyo, azisome siku atakapokuwa na hakika kwamba kila kitu kiko sawa. Akashuka ngazi na boksi lake.

Nami nikaenda kwa Bimkubwa. Alikuwa anamlisha Ethan, yeye juu ya kigoda, mtoto chini. Alikuwa na furaha, barua ya Wayne ameiweka juu ya televisheni. Nikamweleza nikiwa nimesimama, kitufe, safu, kushoto, kulia. Sidhani kama alielewa yote ya kompyuta. Alielewa yaliyobaki.

"Siku ngapi ulikaa unajua, husemi?" aliniuliza.

"Sita."

"Sita." Akapuliza kijiko, akamlisha mtoto. "Na ukija hapa kila siku, unamleta, unamchukua."

"Ndiyo."

"Na Jumatatu nilipokwambia kahamishwa, ukijua."

"Nilijua, Bi mkubwa wangu."

Ethan alifungua mdomo akingoja, na kijiko kilikuwa kimesimama hewani. Kisha kikaendelea. Hakunifukuza. Hakusema yamekwisha. Uji ulipoisha akamfuta mtoto mdomo kwa ncha ya kanga yake.

"Hapa mwezi unatangulia siku," alisema, kama anayejisemea. "Watu gani hawa?" Akanigeukia. "Wewe una gari Jumapili?"

Solomon ndiye mwenye gari, lakini Jumapili huwa amelala mpaka saa tisa. Basi tangu Mei nampeleka Columbia. Bimkubwa amerudi kazini, kapewa mzee mwingine, hana matatizo. Kwa Bi Abigail tunakwenda kama wageni tu. Njiani anaongea na Ethan zaidi kuliko anavyoongea na mimi. Zamani alikuwa ananitania ninavyokonda. Sasa ananiuliza kama nimekula, na tofauti ya maneno hayo mawili naijua mimi.

Bi Abigail yuko dirishani kwenye kiti cha magurudumu. Siku za kwanza hakumtambua. Jumapili iliyopita alimwita kwa jina la dada yake, na Bimkubwa akaitika.

Pale mlangoni kuna daftari la wageni. Unaandika jina, unayemtembelea, saa, tarehe. Bimkubwa huandika vyote, anafika kwenye tarehe, anasimama, ananipa kalamu bila kunitazama.

"Andika wewe," anasema.

Naandika polepole, mwezi kwa herufi: 14 Juni 1998. Halafu anavuta daftari, analisogeza karibu na macho yake, na anaihakiki.